Mbano Si Silaha ya Mnyonge

Muhula uliopita klabu yetu ya Kiswahili ilifanya mdahalo juu ya hoja iliyosema: "Kuwabana wauza hisa za kuazima ni silaha ya mnyonge dhidi ya tajiri." Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi na vigelegele juu. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, tena nilizungumza vibaya kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hapangi hoja. Makala hii ni hotuba ambayo nilipaswa kuitoa jioni ile. Wenzangu mlionipigia kelele za kunizomea, nawaomba sasa mnisome mpaka mwisho, kwa sababu kwenye karatasi hamna namna ya kunikatiza.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, maana sisi ni watu wa lugha. Wanaofuatilia masoko kwenye simu husema "shoti skwizi", na wengi wao hutamka maneno hayo kama mtu anayetaja jina la mchezaji nyota. Mimi nitasema mbano. Anayebanwa ni mtu aliyeuza hisa alizoziazima, na kinachombana ni deni lake mwenyewe. Anayeelewa deni hilo ameelewa karibu kila kitu, na asiyelielewa atashangilia bei inayopanda kama mtoto anayeshangilia moto wa jirani.

Deni hilo ni hivi. Tuseme ninaamini kwamba bei ya maharage itashuka mavuno yakifika. Ninakwenda kwa mama mmoja mwenye ghala karibu na soko la Kimironko, ninamwazima gunia moja, ninaliuza leo kwa faranga 80,000. Mavuno yakifika na gunia likawa faranga 50,000, nitanunua moja, nitamrudishia mama gunia lake pamoja na ahsante kidogo, na faranga karibu 30,000 zitabaki mfukoni mwangu. Biashara hii ni halali kabisa na haina uchawi wowote. Lakini angalia vizuri ninachodaiwa. Sidaiwi faranga 80,000. Ninadaiwa gunia. Mvua ikiharibu shamba na gunia likafika 200,000, mama hatakubali nimpe 80,000 na maneno matamu. Atataka gunia, na mimi nitalinunua kwa bei yoyote itakayokuwa sokoni siku hiyo. Aliyenunua gunia kwa 80,000 hawezi kupoteza zaidi ya 80,000 zake. Aliyeuza gunia la kuazima hana dari juu ya hasara yake.

Kwenye soko la hisa mambo ni hayo hayo, isipokuwa mwenye ghala hana subira ya mama wa Kimironko. Anayeazima hisa huweka dhamana kwa dalali wake, na dhamana hiyo hupimwa upya kila siku kwa bei ya siku hiyo. Bei ikipanda jioni, asubuhi dalali anapiga simu: ongeza fedha. Usipoongeza, dalali hana haja ya kukuomba ruhusa. Anaingia sokoni, ananunua hisa kwa fedha zako, anamrudishia mwenye nazo na kukutumia hesabu ya hasara. Zaidi ya hapo, mwenye hisa ana haki ya kuzidai wakati wowote, na ukishindwa kupata nyingine za kuazima, ndipo unapolazimika kununua hata kama fedha za dhamana unazo.

Sasa ona kitanzi kinavyojifunga. Muuzaji mmoja analazimika kununua. Ununuzi wake unapandisha bei kidogo. Bei ile iliyopanda inamfanya muuzaji wa pili apigiwe simu. Naye ananunua, bei inapanda tena, simu ya tatu inalia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili mawazo kuhusu kampuni. Pengine wote bado wanaamini kwamba hisa ile ni ghali mno. Wananunua kwa sababu hawaruhusiwi kutonunua. Na mnunuzi asiyeruhusiwa kukataa hana uwezo wa kupatana bei.

Hapo ndipo hoja yangu ya kwanza inaposimama. Wapinzani wangu walisema kwamba bei inayoruka wakati wa mbano ni soko "kukiri thamani ya kweli ya kampuni iliyodharauliwa". Maneno hayo yalipigiwa makofi. Ninataka kuyajibu kwa kampuni ambayo kila mkaazi wa Kigali anaijua kwa macho, kwa sababu tangu Juni 2018 magari yake yanaunganishwa hapa hapa mjini kwetu: Volkswagen. Ukisimama dakika kumi kwenye mzunguko wa Kacyiru utayaona. Mbano mkubwa kuliko yote ninayoyajua uliikumba kampuni hiyo, tena siku mbili tu zilitosha.

Ilikuwa Oktoba 2008. Dunia ilikuwa katikati ya msukosuko wa fedha, benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka mwezi mmoja kabla, na hisa za makampuni ya magari zilikuwa zinaporomoka kila mahali. Hisa za kawaida za Volkswagen peke yake zilikuwa haziporomoki, kwa sababu kampuni nyingine ya Kijerumani, Porsche, ilikuwa imeanza kuzinunua tangu 2005. Mifuko mingi ya uwekezaji iliona kwamba bei ile imetengenezwa na ununuzi wa Porsche na kwamba itashuka ununuzi ukikoma. Kwa hiyo iliazima hisa na kuziuza. Kwa mujibu wa hesabu za wakati ule, hisa zilizouzwa kwa kuazimwa zilifika kama asilimia 12 au 13 ya hisa zote za kawaida.

Je, asilimia 13 ni nyingi? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa, nami nilijikwaa hapo hapo. Nambari hiyo peke yake haisemi kitu. Lazima uiweke kando ya nambari nyingine: hisa ngapi zinazunguka sokoni kweli, maana mwenye deni hawezi kununua hisa iliyofungiwa kabatini. Jimbo la Saksonia ya Chini lilikuwa na kama asilimia 20 ya Volkswagen na halikuwa na nia ya kuuza. Porsche ilijulikana kuwa na asilimia 35 hivi. Basi mtu aliyepiga hesabu aliona kwamba asilimia 45 iko huru sokoni, na wadaiwa wa asilimia 13 wana nafasi ya kutosha ya kutoka. Mlango ulionekana mpana.

Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2008 Porsche ilitoa tangazo. Ilisema ina asilimia 42.6 ya hisa za kawaida, na juu ya hizo ina mikataba ya haki ya kununua inayogusa asilimia 31.5 nyingine. Jumla, asilimia 74.1. Mikataba ile ilikuwa ya kulipana fedha taslimu, si hisa, na kwa sheria ya Ujerumani ya wakati ule mikataba ya aina hiyo haikulazimu kutangazwa. Lakini benki zilizoiuzia Porsche mikataba hiyo hazikukaa mikono mitupu. Zilihitaji kujikinga, na njia ya kujikinga ni kununua hisa zenyewe na kuzishikilia. Kwa hiyo hisa zile zilikuwa zimekwisha kuondoka sokoni kimyakimya, miezi mingi, bila umma kujua ni kwa ajili ya nani.

Fanya kutoa. Mia moja, toa 74.1 za Porsche, toa 20 na ushee za jimbo. Inabaki chini ya asilimia 6. Wadaiwa walihitaji kurudisha kama 13, na sokoni kulikuwa na pungufu ya 6. Kati ya hisa za kawaida zilizokaribia milioni 295, ni kama kusema watu wanaodaiwa hisa milioni 38 wanagombania milioni 17, na wenye hizo milioni 17 nao hawalazimiki kuuza. Mlango mpana wa Ijumaa ulikuwa dirisha dogo Jumatatu asubuhi.

Ijumaa ile bei ilikuwa imefungwa kwenye euro 210 hivi. Jumatatu ilifunga kwenye euro 520. Jumanne tarehe 28 iligusa euro 1,005 katikati ya siku kabla ya kufunga kwenye 945. Kwa saa chache Volkswagen ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani kwa bei ya soko, ikiipita ExxonMobil, katika mwezi ambao watu walikuwa hawanunui magari.

Chukua mfuko mmoja wa kubuni uliouza hisa 100,000 za kuazima kwa euro 210. Uliingiza euro milioni 21. Jumatatu jioni kuzirudisha kungeugharimu milioni 52, yaani hasara ya milioni 31, na dalali anataka fedha hizo ziwe mezani. Meneja anaweza kujisemea, "Bei hii ni ya kipuuzi, nikisubiri siku tatu itashuka." Yuko sahihi kabisa! Lakini hana siku tatu. Ana mpaka kesho asubuhi, na katika Oktoba ile ya 2008 hakukuwa na benki iliyokuwa na hamu ya kumkopesha mtu yeyote. Jumanne dalali ananunua kwa niaba yake kwa euro 945. Ametoa milioni 94 na nusu kulipa deni lililomwingizia 21.

Sasa nawauliza waliopiga makofi: je, thamani ya kweli ya Volkswagen iliongezeka mara nne na nusu kati ya Ijumaa na Jumanne? Kampuni ile ilikuwa na hisa za aina mbili, za kawaida na za upendeleo. Za upendeleo zilikuwa na haki kwenye faida ile ile, ya viwanda vile vile na magari yale yale, ila hazikuwa na kura, na Porsche haikuzihitaji. Hizo hazikuruka. Zilibaki chini kabisa, sehemu ndogo ya bei ya ndugu zao. Kama soko lingekuwa "linakiri thamani", lingezikiri zote mbili. Tena mifuko mingi iliumia hasa kwa kuamini kwamba bei za ndugu hawa wawili lazima zikaribiane: ilinunua za upendeleo na kuuza za kawaida za kuazima.

Jumatano tarehe 29 Porsche ikasema itafungua mikataba yake kwa kiasi kisichozidi asilimia 5 ya hisa za kawaida, ili watu wapumue. Asilimia 5 tu. Bei ikaanguka siku hiyo hiyo mpaka euro 517 hivi, kwa sababu kilichokuwa kinaishikilia juu ni uhaba, na uhaba ulikuwa umelegezwa. Nyuma ya wanunuzi wa kulazimishwa hakukuwa na wanunuzi wa hiari. Wa mwisho kulipa deni lake anapotoka mlangoni, chumba ni kitupu.

Hoja yangu ya pili inamhusu huyo mnyonge. Katika mbano wa Volkswagen, mnyonge yuko wapi? Aliyebana ni kampuni tajiri iliyokuwa na benki nyuma yake na siri mkononi. Waliouza ghali ni waliokuwa na hisa tayari. Wakuu wawili wa Porsche wa wakati ule, Wendelin Wiedeking na Holger Härter, walishtakiwa kwa kuhadaa soko, na mahakama ya Stuttgart ikawaachilia huru mwaka 2016. Ninaandika hivyo kwa haki yao. Lakini hata Porsche yenyewe haikuondoka na ushindi. Ununuzi wote ule uliiachia madeni ya zaidi ya euro bilioni 10, Wiedeking akaondoka Julai 2009, na mwishowe Volkswagen ndiyo iliyoimeza biashara ya magari ya Porsche. Aliyetaka kummeza mwenzake alimezwa, na hilo nakiri linanifurahisha kuliko inavyostahili.

Najua mtakachosema. "Hiyo ni Ujerumani ya matajiri. Tulizungumzia GameStop!" Haya, twende GameStop. Mwezi Januari 2021 duka hilo la michezo ya video la Marekani lilikuwa na hisa nyingi mno zilizouzwa kwa kuazimwa, zaidi ya idadi ya hisa zote zilizotolewa. Hili linawezekana bila wizi wowote: mimi nakuazima, unamuuzia Juma, Juma naye anamwazima mwingine, hisa moja inahesabiwa mara mbili. Vijana wakanunua kwa pamoja, bei ikaruka, mfuko mmoja uitwao Melvin Capital ukapoteza zaidi ya nusu ya mali yake ndani ya mwezi ule. Hiyo ni kweli na siikatai.

Ila mamlaka ya masoko ya Marekani ilichunguza jambo hilo, na wataalamu wake wakatoa ripoti Oktoba mwaka huo huo. Walikuta kwamba wauza hisa za kuazima walinunua kweli ili kulipa, na kwamba ununuzi huo uliisukuma bei. Lakini ulikuwa sehemu ndogo tu ya ununuzi wote. Kilichoishikilia bei juu kwa wiki kadhaa ni watu wa kawaida waliokuwa wanaendelea kununua. Maana yake ni nini? Kwamba wengi wa waliolipa bei za kilele hawakuwa matajiri waliobanwa. Walikuwa wanyonge waliokuja kumbana tajiri ambaye alikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Fedha zao ziliingia kwa aliyeuza, na aliyeuza hakuwa lazima mnyonge mwenzao.

Nami sasa nitoe ushahidi ambao jioni ile niliuficha kwa aibu. Sisi vijana kumi na wawili tuna ikimina, kila mmoja anachangia, na mimi ndiye mweka hazina. Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 mmoja wetu alituonyesha kwamba GameStop imeamka tena, kwa sababu yule kijana aliyeisifu miaka mitatu kabla alikuwa ameonekana tena mtandaoni usiku uliotangulia. Ijumaa bei ilikuwa dola 17 na nusu, Jumatatu ikafunga dola 30. Soko la New York wakati huo wa mwaka hufunguliwa saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu. Jumanne hiyo hakuna aliyemsikiliza mhadhiri. Usiku tuliingiza faranga 240,000 kwenye programu ya simu, kama dola 184, kwa bei ya dola 48 kwa hisa. Nilisema ndiyo. Nilibofya mimi.

Jumatano ilifunga kwenye 39. Alhamisi kwenye 27. Ijumaa asubuhi kampuni yenyewe ikatangaza kwamba itauza sokoni hisa mpya zisizozidi milioni 45, na hapo nikajua kwa tumbo langu kitu ambacho baadaye nilikisoma kwenye vitabu: mbano unaishi kwa uhaba, na mwenye kiwanda cha kutengeneza hisa ni kampuni. Bei ikiwa ya kipuuzi, bodi ya wakurugenzi ina sababu zote za kutengeneza zaidi na kuwauzia wanaozitaka. Walipata kama dola milioni 933 kwa hisa hizo milioni 45. Silaumu kampuni. Ilifanya kwa bei ile jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Nyamirambo angelifanya. Tuliuza kwenye dola 21 na ushee. Baada ya ada, ikimina ilibaki na faranga 98,000.

Lakini kilichonichoma zaidi ni jambo nililoligundua wiki mbili baadaye nilipokaa kusoma masharti ya ile programu, ambayo sitaitaja. Hatukuwa tumenunua hisa hata moja. Tulikuwa tumefunga na mwenye programu mkataba wa tofauti ya bei: ikipanda atatulipa, ikishuka tutamlipa. Hakuna kilichomlazimu kuigusa hisa halisi kwa ajili yetu. Kwa hiyo wale wauza hisa za kuazima tuliojiona tunawabana hawakuhisi hata unyoya wa uzito wetu. Hatukuwa jeshini. Tulikuwa nje ya uwanja tunawekeana dau na mwenye kibanda. Ni wangapi kati ya mlionizomea mna hisa, na ni wangapi mna mkataba wa aina hiyo bila kujua? Fungueni masharti msome, nitasubiri.

Mwenzangu mmoja alidai kwamba hasara yetu ilitokana na kuchelewa tu, na kwamba mwenye jicho angeiona mapema. Dalili zipo, sibishi. Kuna kiwango cha hisa zilizouzwa kwa kuazimwa ukilinganisha na zinazozunguka. Kuna idadi ya siku ambazo wadaiwa wote wangehitaji ili wamalize kununua, ukigawanya deni lao kwa biashara ya kawaida ya siku moja: ikiwa deni ni hisa milioni 20 na kwa siku zinauzwa milioni 2, hiyo ni siku kumi, na siku kumi ni nyingi. Kuna ada ya kuazima, ambayo ikipanda ghafla inaonyesha kwamba ghala linakauka. Lakini Marekani takwimu za hisa zilizouzwa kwa kuazimwa hutangazwa mara mbili tu kwa mwezi, nazo huchelewa siku kadhaa. Unaposoma kwamba kuna wadaiwa wengi, huenda wamekwisha kulipa. Na Volkswagen inatuonyesha tatizo baya zaidi: unaweza kuwa na nambari zote za hadharani, ukazigawanya vizuri, na bado ukakosea kwa sababu nambari iliyo muhimu haikuwa hadharani. Walioangamia Oktoba ile walikuwa watu wanaolipwa mishahara minono kwa kuwa na jicho.

Imebaki hoja moja, na hii naielekeza pia kwa walimu wangu wawili waliosema baada ya mdahalo kwamba suala hili halituhusu kwa kuwa Soko la Hisa la Rwanda halina biashara ya kuuza hisa za kuazima. Kenya tayari ilitunga kanuni za kuazimana hisa na kuziuza mwaka 2017. Siku hiyo itafika Kigali pia, na hesabu ya Volkswagen inatuhusu sisi zaidi ya inavyowahusu Wajerumani. Angalia Bralirwa, kampuni ya kwanza ya nyumbani kuorodheshwa kwenye soko letu, Januari 2011. Heineken inashikilia asilimia 75. Sokoni kunabaki robo, na ndani ya robo hiyo kuna wawekezaji wakubwa wanaonunua na kukaa nazo miaka na miaka. Kuna siku hisa chache sana hubadilisha mikono. Kwenye soko jembamba namna hiyo huhitaji siri ya Porsche ili kumbana mtu. Anayeazima sehemu ndogo tu ya hisa atajikuta anahitaji wiki nyingi kuzirudisha, na mtu mmoja mwenye fedha akiamua kuzifungia, mlango umefungwa.

Wako watakaosema, basi tupige marufuku. Mimi sisemi hivyo. Anayeuza cha kuazima kwa sababu anaona kampuni imepambwa kuliko ilivyo anafanya kazi ambayo gazeti na mkaguzi wa hesabu mara nyingine hawaifanyi, na anaweka fedha zake hatarini kwa ajili ya neno lake. Ninachotaka ni vitu viwili ambavyo Ujerumani ya 2008 haikuwa navyo. Kila mwenye mkataba unaofungia hisa autangaze, uwe wa kulipwa hisa au fedha taslimu. Na idadi ya hisa zilizoazimwa itangazwe kila jioni, pale pale pamoja na bei. Kwa soko lenye makampuni kama kumi, karani mmoja na ubao wa chaki vingetosha.

Kuhusu ikimina yetu, faranga 142,000 zilizopotea nimeziandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, na kando yake jina langu, kwa kuwa nilibofya mimi. Nimekwisha kurudisha 60,000 kutokana na kufundisha watoto wa mtaa wa Biryogo hesabu na Kiswahili siku za Jumamosi. Mjomba wangu, anayenunua na kuuza magari yaliyotumika, aliuliza nilinunua nini hasa kwa fedha za watu. Nilimweleza kwa nusu saa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo aliyekuuzia kwa arobaini na nane alikuwa nani?" Ni swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye mdahalo, upande wao wala upande wangu.